Kiti, namba na haki ya mtahiniwa: namna mpango wa ukaaji unavyoandaliwa katika vituo vya mtihani

Haya ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wazazi, walezi na walimu wa kata, baada ya kukamilika kwa mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne ngazi ya wilaya. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimesimama hapa kwa sababu ya swali moja. Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa kata hii alifika ofisini kwetu akiwa na manung'uniko. Binti yake alitoka shuleni kwake, akatembea hadi shule ya jirani kufanya mtihani wa utamilifu, na alipofika akakuta ameketishwa kati ya watoto asiowafahamu. Kulia kwake mgeni, kushoto kwake mgeni. Mama yule akaniuliza, "Mwanangu, kwani watoto wetu ni wezi, hata watenganishwe kama wafungwa?" Nilimwomba radhi kwa kutomjibu papo hapo, nikaenda Idara ya Elimu Sekondari, nikaketi na maafisa walioandaa mpango wa ukaaji wa kituo hicho. Niliyoyapata huko ndiyo ninayowaletea leo.

Nianze na namba. Kila mtahiniwa aliyesajiliwa ana namba ya mtihani. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kidato cha nne, namba hiyo ina sehemu mbili zinazotenganishwa na mkwaju. Sehemu ya kwanza huanza na herufi, na hiyo ni namba ya kituo. Herufi S ni ya watahiniwa wa shule, na herufi P ni ya watahiniwa wa kujitegemea. Sehemu ya pili, yenye tarakimu nne, ni ya mtahiniwa mwenyewe ndani ya kituo chake: 0001, 0002, 0003, na kuendelea. Mtihani wetu wa utamilifu unafuata mtindo huo huo ili watoto wauzoee kabla ya Novemba.

Katika kitabu cha majibu mtahiniwa haandiki jina lake. Anaandika namba tu, tena katika kila ukurasa. Anayesahihisha hajui kama kazi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa diwani au ya mtoto wa mkulima. Anajua namba. Kwa hiyo kuanzia mtoto anapoingia chumbani mpaka matokeo yanapobandikwa ubaoni, namba ndiyo mtoto mwenyewe. Namba ikikaa mahali pasipo pake, mtoto naye amepotea.

Namba hizi hazitolewi kwa upendeleo. Majina hupangwa kwa jinsia, na ndani ya kila jinsia kwa mfuatano wa alfabeti, kwa kuanzia na jina la kwanza. Ndiyo maana mapacha waitwao Kulwa na Doto, waliolala kitanda kimoja tangu kuzaliwa, hukuta namba zao ziko mbali, kwa kuwa D iko mbali na K. Na ndiyo maana Asha anaweza kufuatana na Asha mwingine ambaye hawajawahi kusalimiana. Hakuna mwalimu aliyeketi akachagua nani awe karibu na nani.

Sasa tuje kwenye chumba. Kituo chetu kilipokea shule tatu. Shule mwenyeji ilikuwa na watahiniwa 48, shule ya mlimani 27, na shule ya bondeni 15. Jumla yao ni 90. Vyumba vilikuwa vitatu, na kila chumba kiliwekwa viti 30, yaani safu tano zenye viti sita kila moja. Ninaposema safu, nina maana ya viti vinavyofuatana kutoka ubaoni kwenda ukuta wa nyuma. Ninaposema mstari, nina maana ya viti vilivyo bega kwa bega, kutoka upande wa mlango kwenda upande wa madirisha.

Kutoka katikati ya kiti hadi katikati ya kiti cha jirani, maafisa wetu walipima mita 1.25, kipimo ambacho kanuni za mitihani za Uingereza nazo zimekiandika. Safu tano zina nafasi nne kati yake, na nne mara 1.25 ni mita tano. Ukiongeza nusu ya meza kila upande, darasa lenye upana wa mita saba linatosha, na msimamizi anapata njia ya kupita. Chumba chembamba kuliko hapo kingelazimu safu nne, na watahiniwa wangepungua hadi 24. Idadi ya watoto chumbani hutokana na futi kamba. Wingi wa madawati yaliyopo hauongezi nafasi.

Njia rahisi kuliko zote ya kuwaketisha watoto hao 90 ingekuwa kufuata orodha bila kuinua kichwa. Namba 0001 hadi 0030 za shule mwenyeji ziingie chumba cha kwanza. Namba 18 zilizobaki za shule mwenyeji zijaze safu tatu za kwanza za chumba cha pili, na safu mbili zinazosalia zichukue watoto 12 wa kwanza wa shule ya mlimani. Chumba cha tatu kipokee 15 wa mlimani na 15 wa bondeni. Mpango huo unaandikwa kwa dakika kumi. Lakini tazameni ulichofanya. Chumba cha kwanza kizima ni shule moja. Katika chumba cha pili, safu ya nne ina namba 0001 hadi 0006 za shule ya mlimani, na safu ya tano ina namba 0007 hadi 0012. Kwa hiyo mtahiniwa 0004, aliye kiti cha nne cha safu ya nne, anakaa bega kwa bega na 0010 wa shule yake mwenyewe, mwenye kiti cha nne cha safu ya tano. Nawaomba mzikumbuke namba hizo mbili, 0004 na 0010, maana nitazirudia.

Maafisa wetu hawakufuata njia hiyo. Waligawa kila shule katika vyumba vyote vitatu. Shule mwenyeji ilitoa watoto 16 kwa kila chumba, shule ya mlimani tisa, na shule ya bondeni watano. Kumi na sita, tisa na tano ni thelathini. Mfuatano wa namba ulibaki vilevile: chumba cha kwanza kilipokea 0001 hadi 0016 za shule mwenyeji, 0001 hadi 0009 za mlimani, na 0001 hadi 0005 za bondeni, na vyumba vilivyofuata vikaendelea pale kila shule ilipoishia.

Ndani ya chumba cha kwanza, safu ya kwanza na safu ya tatu zilipewa shule mwenyeji, watoto sita kila moja. Safu ya pili, iliyo katikati yao, ikapewa watoto sita wa mlimani. Wanne waliobaki wa shule mwenyeji wakaanza safu ya tano kutoka mbele. Hapo palibaki watatu wa mlimani na watano wa bondeni, na viti vilivyobaki vilikuwa sita vya safu ya nne na viwili vya mwisho vya safu ya tano.

Rasimu ya kwanza iliwaweka wale watatu wa mlimani mbele ya safu ya nne, kisha watatu wa bondeni nyuma yao, na wawili wa mwisho wa bondeni wakamalizia safu ya tano. Ukiisoma kwa kufuata safu, haina kasoro. Afisa aliyeihakiki aliisoma kwa mistari, kutoka mlangoni hadi dirishani, na katika mstari wa tano na wa sita akakuta watoto wa bondeni wako bega kwa bega. Tiba yake ilikuwa ndogo: watatu wa bondeni walitangulia mbele ya safu ya nne, na watatu wa mlimani wakarudi nyuma. Baada ya hapo hapakuwa na mstari hata mmoja wenye majirani wa shule moja. Mpango wowote wa ukaaji unapaswa kusomwa mara mbili, kwa safu na kwa mistari, kwa sababu kosa lililofichika katika usomaji mmoja hujitokeza katika ule mwingine.

Mtaniuliza, mbona wa mbele na wa nyuma katika safu moja ni wa shule moja? Ni kweli. Aliye nyuma huona mgongo wa mwenzake, na karatasi iliyo mbele ya mgongo huo haionekani kwa urahisi. Jicho la mtu aliyeketi hukimbilia ubavuni. Maafisa walichagua kuziba njia ya ubavuni kabisa, na kuiachia njia ya mbele na nyuma macho ya msimamizi. Kuziba zote mbili kulishindikana kwa hesabu. Shule moja inapokuwa na zaidi ya nusu ya watu wa chumba kama hiki, haiwezekani kuwapanga wote pasiwe na wawili wanaogusana, ama kwa ubavu au kwa mgongo. Shule mwenyeji ilikuwa na 16 kati ya 30.

Ndugu zangu, sasa nirudi kwenye swali la mama yule. Kwa nini kuwatenganisha?

Jibu la haraka ni kuzuia kutazamiana, na jibu hilo si uongo. Lakini kama sababu ingekuwa hiyo peke yake, ingetosha kuwaweka mbali mbali bila kujali wametoka shule gani, kwa kuwa mtoto anaweza kumtazamia mgeni kama anavyoweza kumtazamia rafiki. Ipo sababu ya pili, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi.

Watoto wa shule moja wamefundishwa na mwalimu mmoja. Wamenakili maelezo kutoka ubao mmoja, na wamesoma kitabu kimoja kwa kupokezana. Wakijibu swali, ni kawaida majibu yao yafanane. Watatoa mifano ileile kwa mpangilio uleule, na mwalimu wao akikosea, watakosea pamoja. Kufanana huko ni matunda ya darasa, si udanganyifu. Tatizo ni kwamba ukiwaketisha bega kwa bega, hakuna awezaye kutofautisha kufanana kunakotokana na mwalimu na kufanana kunakotokana na shingo iliyogeuka. Wakikaa mbalimbali, tofauti hiyo inaonekana.

Jambo hili lilitutokea katika mtihani huu huu. Katika usahihishaji, mwalimu mmoja husahihisha swali moja la watahiniwa wengi, na kazi humfikia zikiwa zimepangwa kwa namba. Kwa hiyo kinachojirudia hakimpiti. Msahihishaji wa Historia alikuta kazi mbili za shule ya mlimani zinazosema kwamba vita vya Majimaji vilianza mwaka 1907 na kumalizika mwaka 1909. Sote tuliosoma tunafahamu kuwa vilianza mwaka 1905 na kumalizika mwaka 1907. Wote wawili walitoa sababu zilezile nne, kwa mpangilio uleule, na karibu kwa maneno yaleyale. Jibu sahihi likifanana halimshtui mtu. Kosa lisilo la kawaida likifanana, msahihishaji huweka kalamu chini. Katika taarifa za matokeo ya kitaifa tumezoea kusikia habari za majibu yenye mfanano usio wa kawaida, na tunajua kwamba kufutiwa matokeo ndiko kunakofuata.

Namba za watahiniwa hao wawili zilikuwa 0004 na 0010.

Mpango wa ukaaji uliletwa mezani. Ukaonyesha kwamba 0004 alikuwa chumba cha kwanza, safu ya pili, kiti cha nne, na 0010 alikuwa chumba cha pili, safu ya pili, kiti cha kwanza. Kati yao palikuwa na ukuta wa matofali. Fomu za mahudhurio za vyumba vyote viwili zilionyesha kuwa kila mmoja alikuwa kitini pake, na kwamba hakuna aliyetoka nje. Msahihishaji akaangalia wenzao. Akamkuta 0021, aliyekuwa chumba cha tatu, ameandika miaka hiyo hiyo. Kazi tatu zimetoka vyumba vitatu zikiwa na kosa moja.

Afisa wa taaluma akaomba madaftari ya Historia kutoka shuleni. Maelezo waliyonakili watoto kutoka ubaoni yalikuwa na miaka 1907 hadi 1909. Kalamu ya mwalimu iliteleza siku ile, na darasa zima likanakili kosa lake. Watoto walipoteza alama ya tarehe, kama ilivyostahili, lakini hakuna aliyeitwa mdanganyifu. Mwalimu amekwisha kusahihisha maelezo yake, na darasa zima litaingia Novemba likiwa na miaka sahihi.

Hebu sasa tuurudie ule mpango wa dakika kumi. Katika mpango ule 0004 na 0010 wangekuwa majirani wa ubavu. Kosa lingekuwa lilelile, maneno yaleyale na umbali wa mita moja na robo. Nani angewaamini wakisema hawakutazamiana? Kiti kilichomtenga binti na rafiki yake ndicho kilichomtetea, naye hakuwa na habari kwamba alihitaji kutetewa.

Hata hivyo, mpango wa ukaaji hutoa ushahidi pale tu unapofuatwa. Katika chumba cha tatu, siku ya pili, mtahiniwa mmoja hakufika. Msimamizi, kwa nia njema, akawaambia walio nyuma ya kiti hicho wasogee mbele ili safu isiwe na pengo. Watoto wakasogea, na kila mmoja akaketi kwenye meza yenye namba ya mwenzake. Kosa liligundulika wakati wa kukusanya, kwa sababu namba iliyobandikwa mezani haikulingana na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha majibu. Waliitwa wote, kazi zikalinganishwa na fomu ya mahudhurio, na msimamizi mkuu akaandika taarifa. Bahati nzuri ilikuwa kwamba kila mtoto aliandika namba yake mwenyewe. Kama mmoja angenakili namba aliyoikuta mezani, kazi yake ingeingia kwenye jina la mwingine. Kanuni ni kwamba kiti cha asiyefika hubaki wazi, na fomu huandikwa hayupo. Lile pengo nalo ni taarifa.

Vivyo hivyo, kiti kikivunjika au mvua ikipenya dirishani, mtoto anaweza kuhamishwa, ila kuhama huko kuandikwe kwenye mpango pamoja na saa na sababu. Mtoto mwenye uoni hafifu hupangiwa sehemu inayomfaa mapema, na mpango huonyesha hivyo. Hayo yote yanaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumhamisha mtoto bila kuandika.

Nisiwadanganye kwamba mpango huu unamaliza kila tatizo. Hauzuii simu iliyofichwa, wala karatasi ya majibu iliyoingizwa mfukoni, wala mtu mzima aliyekusudia kuvuruga mtihani. Kwa hayo zipo njia nyingine. Tena katika mtihani wa taifa, shule nyingi ni vituo vyenyewe, na watoto wa shule moja hujaza vyumba vyao kwa mfuatano wa namba. Hapo hakuna shule ya pili ya kuwachanganya nayo, kwa hiyo kazi kubwa hubebwa na umbali kati ya viti, mfuatano wa namba, na wasimamizi wanaotoka shule nyingine. Msishangae basi mtoto akikuta mpangilio wa Novemba hauko kama alioukuta kwetu.

Ninayowaomba ni machache. Hakikisheni kila mtoto anaijua namba yake kwa moyo, kama anavyolijua jina lake. Mwelekezeni kwamba akifika kitini alinganishe namba iliyobandikwa na namba anayoijua, na zikitofautiana anyooshe mkono kabla hajaandika chochote. Akihamishwa kiti, amwombe msimamizi kwa adabu aliandike jambo hilo. Na ninyi msiende kwa mkuu wa shule kuomba mtoto awekwe karibu na nduguye au rafiki yake. Ombi hilo linatoka kwenye upendo, lakini linaweza kumnyima ushahidi siku atakapouhitaji.

Mama yule yupo hapa leo, na ameniruhusu niseme kwamba nimemjibu. Nilimwambia, "Mama, hawakuwatenga kwa kuwadhania ni wezi. Waliwatenga ili siku mtu akiwadhania hivyo, kiti kiwe shahidi wao."